Bei Itajwe Mapema: Hoja Dhidi ya "Tutaelewana"

Miongoni mwa watu wanaouza ujuzi wao kazi baada ya kazi bila kuajiriwa na yeyote, wawe wapiga picha, wasanifu wa machapisho au mafundi wa kompyuta, imekita imani kwamba bei haiwezi kutajwa kabla mteja hajasikilizwa kwa kirefu, kwa kuwa kila kazi ina mambo yake na kila mteja ana uwezo wake. Katika soko la Mayoni, lililomo katika eneo bunge la Matungu, Kaunti ya Kakamega, imani hiyo hujidhihirisha katika jibu ambalo mteja hupewa pindi anapouliza gharama, nalo ni "tutaelewana". Makala hii inaipinga imani hiyo. Inadai kwamba kazi nyingi za watu hawa hujirudia kuliko wanavyokiri, na kwamba kazi inayojirudia inafaa kuuzwa kama kifurushi, yaani huduma moja ambayo mipaka yake imeandikwa, bei yake imetajwa na siku ya kukamilika kwake inajulikana kabla mteja hajatoa hata shilingi. Dai la aina hii halithibitiki kwa maneno ya jumla, na kwa hiyo litapimwa hapa kwa kazi moja ambayo kila msanifu wa machapisho katika sehemu hizo huifanya: programu ya mazishi.

Programu ya mazishi ni kijitabu kinachogawiwa waombolezaji siku ya maziko. Ndani yake mna ratiba ya ibada, wasifu wa marehemu, orodha ya familia, picha, salamu za rambirambi na nyimbo zitakazoimbwa. Kwa kawaida hutengenezwa kwa kukunja karatasi za A4 katikati na kuzipiga pini kwenye mkunjo, hata kila ukurasa ukawa na ukubwa wa A5. Msanifu huandaa kurasa kwenye kompyuta, familia huzihakiki, kisha kazi hupelekwa kwa mpiga chapa, ambaye mara nyingi yuko Mumias, Bungoma au mjini Kakamega. Haya yote hutendeka katika siku chache, kwa sababu maziko mengi hufanyika Jumamosi na tarehe ikishatangazwa haisubiri mtu.

Anayeamua si mtu mmoja. Ni kamati ya mazishi, inayokutana jioni nyumbani kwa marehemu, ikiwa na mwenyekiti, mweka hazina na jamaa waliotoka mbali ambao kila mmoja ana neno. Kamati hiyo hupanga bajeti: jeneza lina bei, mahema na viti vina bei kwa idadi yake, gari la kubeba mwili lina bei kwa safari yake. Msanifu anapoleta jibu la "tutaelewana", mweka hazina hana tarakimu ya kuandika, na jambo lisilo na tarakimu haliwezi kuidhinishwa, hivyo huahirishwa hadi mkutano wa kesho. Kesho yake mtu mwingine huulizwa, hutaja bei nyingine ambayo haijulikani inajumuisha nini, na mjadala huanza upya. Kazi ambayo ingeanza Jumapili huanza Jumanne usiku, na zile siku mbili zilizopotea zilikuwa ndizo siku za uhakiki. Wanaotetea mazungumzo marefu husema kwamba mteja huhitaji muda wa kufikiri, lakini mteja huyu hakuwa akifikiri; alikuwa akingoja kujua anachofikiria.

Hoja yao ya kwanza, ambayo ndiyo yenye nguvu, ni kwamba hakuna kazi mbili zinazofanana. Marehemu mmoja alikuwa mwalimu mkuu mwenye wajukuu arobaini, mwingine kijana aliyeacha mke na mtoto mchanga, na itawezekanaje bei ikawa moja? Hoja hii inachanganya mambo mawili ambayo yapasa kutenganishwa. Maisha yaliyomo kijitabuni hayafanani kamwe, lakini kijitabu chenyewe hufanana sana, kwa kuwa umbo lake hufungwa na karatasi. Kila karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja hutoa kurasa nne, na kwa hiyo kijitabu cha pini kinaweza kuwa na kurasa 8, 12, 16 au 20, lakini hakiwezi kuwa na kurasa 13 au 15. Familia inayosema kwamba imeongeza ukurasa mmoja tu imeongeza, kwa hakika, kurasa nne, na katika nakala 150 imeongeza karatasi 150 za kulipiwa, kuchapwa na kukunjwa.

Yafaa kukipanga kijitabu kimoja ili jambo hili lionekane wazi. Ichukuliwe kwamba msanifu wa Mayoni anaamua kuuza kijitabu cha kurasa 16, nakala 150. Ukurasa wa 1 ni jalada na wa 2 ni ratiba ya siku. Kurasa za 3 hadi 5 ni wasifu, na kwa kuwa ukurasa wa A5 wenye herufi za ukubwa wa pointi 11 hubeba takriban maneno 300, wasifu hautazidi maneno 900. Ukurasa wa 6 ni familia, wa 7 hadi 10 ni picha, wa 11 hadi 13 ni salamu za rambirambi, wa 14 ni nyimbo, wa 15 ni shukrani na wa 16 ni jalada la nyuma. Mwalimu mkuu na yule kijana wote wawili wanaenea humo. Tofauti kati yao itaonekana katika maneno, katika picha na katika mkono wa msanifu anayejua kupanga ukurasa wenye majina mengi usisongamane na ukurasa wenye majina machache usiwe mtupu, na huo ndio ujuzi anaolipwa.

Kwamba picha zimewekwa katika kurasa za 7 hadi 10 si bahati nasibu. Katika kijitabu cha karatasi nne, karatasi ya katikati ndiyo hubeba kurasa hizo nne, na karatasi ya nje hubeba kurasa za 1, 2, 15 na 16. Msanifu akichapa karatasi hizo mbili kwa rangi na mbili zilizobaki kwa wino mweusi, familia hupata kurasa nane za rangi huku gharama ikiwa ya karatasi mbili za rangi. Lakini mtu akiomba usiku wa Alhamisi kwamba picha moja tu ya rangi iwekwe ukurasa wa 5, karatasi nzima inayobeba kurasa za 5, 6, 11 na 12 inabidi ipelekwe kwenye mashine ya rangi. Mteja hawezi kulijua hili, wala si wajibu wake kulijua. Msanifu anayelijua na bado anamwachia mteja achague kila kitu kwa uhuru kamili hajamheshimu mteja. Amemkabidhi maamuzi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyesomea.

Hoja ya pili ya wapinzani hutoka kwa wale walioungua. Husema kwamba walijaribu kutaja bei moja, na familia zikawamaliza kwa marekebisho yasiyo na mwisho, hadi faida yote ikaishia kwenye usingizi uliopotea. Malalamiko haya ni ya kweli, lakini yanalaumu kisichohusika. Walichokitaja watu hawa kilikuwa bei bila mipaka, na bei bila mipaka si kifurushi hata kidogo, bali ni ahadi ya kufanya lolote kwa kiasi kilekile. Kifurushi hulindwa na maandishi yanayosema kazi itaanzia wapi na itakomea wapi, na katika programu ya mazishi maandishi hayo hayana budi kuzingatia mahali ambapo kazi huharibika kwa kweli.

Huharibika, kwanza kabisa, katika ukurasa wa familia. Hapo ndipo huulizwa nani ni mke wa kwanza, mtoto aliyezaliwa nje ya boma atajwe wapi, na mjukuu gani amesahauliwa. Msanifu hana mamlaka ya kuyaamua hayo, na anapopokea simu tano kutoka kwa jamaa watano wenye orodha tano, atachapa ile ya mwisho na kulaumiwa na wanne. Kwa hiyo sharti la kwanza la kifurushi ni kwamba familia iteue msemaji mmoja, ambaye peke yake ndiye hutuma orodha ya majina kwa maandishi na peke yake ndiye huidhinisha nakala ya uhakiki, yaani kijitabu kilichokamilika kupangwa na kutumwa kwa simu ili kisomwe kabla ya kuchapwa. Sharti la pili ni kwamba uhakiki ni wa duru mbili: duru ya kwanza kwa marekebisho yote yaliyokusanywa pamoja, ya pili kwa kuthibitisha kwamba yamefanywa. Duru ya tatu inapatikana, lakini ina bei yake, nayo imeandikwa. Wanaodhani kwamba masharti haya huwaudhi wafiwa hawajaona nafuu anayoipata msemaji anapoweza kumwambia shemeji yake kwamba majina yalifungwa Jumatatu.

Picha nazo zina adabu yake. Ili picha ijaze jalada la A5 na itoke safi katika uchapaji, inapaswa kuwa na pikseli zipatazo 1,748 kwa 2,480, pikseli zikiwa ni vile vidoa vidogo vinavyoiunda. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine au kunakiliwa kutoka kwenye wasifu wa mtu mtandaoni huwa ndogo zaidi. Kwenye simu huonekana nzuri, na kwenye karatasi uso wa marehemu hutoka na ukungu. Kifurushi hueleza kwamba picha zitumwe kama faili, yaani kwa kuchagua Document badala ya Gallery, au picha ya zamani iletwe yenyewe mkononi ili ipitishwe kwenye skana. Sentensi hiyo moja, ikiandikwa kwenye karatasi ya bei, huondoa aibu ambayo hakuna marekebisho ya usiku yanayoweza kuiondoa.

Baada ya mipaka huja bei, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuchukua wastani wa kazi zao zilizopita. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mpiga chapa hutoza shilingi 90 kwa kila nakala ya kijitabu kilichoelezwa, ikijumuisha karatasi, kukunja na pini, hivyo nakala 150 humgharimu msanifu shilingi 13,500. Tuseme pia kwamba kazi nyepesi humchukua saa tisa na kazi nzito saa kumi na tano. Akiuza kifurushi kwa shilingi 22,500 hubakiwa na shilingi 9,000, ambazo ni shilingi 1,000 kwa saa katika kazi nyepesi na 600 katika kazi nzito. Swali analopaswa kujiuliza si kama wastani unamridhisha, bali kama zile 600 zinamridhisha, kwa sababu bei iliyotangazwa huwavuta hasa wenye kazi nzito, ambao kwingineko wangetozwa zaidi. Ikiwa kiasi hicho hakimtoshi, asiongeze bei haraka. Aangalie kwanza ni mpaka gani uliolegea ukaifanya kazi kuwa nzito, kwani mara nyingi saa hizo sita za ziada hazikutumika katika usanifu bali katika kuchapa upya wasifu ulioletwa kwa mwandiko wa mkono. Basi aseme kwamba maandishi yaletwe yakiwa yamechapwa, na aliye na karatasi ya mwandiko achapiwe kwa malipo yaliyotajwa kando.

Malipo ya awali hutoka katika hesabu hiyohiyo. Asilimia 60 ya shilingi 22,500 ni shilingi 13,500, yaani gharama yote ya uchapaji. Msanifu anayepokea kiasi hicho kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa hakopeshi familia, na iwapo salio litachelewa, kitakachochelewa ni ujira wake, si deni lake kwa mtu mwingine. Hata hivyo ujira huo nao hulindwa kwa kukabidhi vijitabu Ijumaa adhuhuri dhidi ya salio, kwa sababu baada ya maziko kamati huvunjika na mweka hazina hurudi Nairobi. Ratiba hufuata papo hapo: maandishi na picha zote zifike Jumatatu jioni, nakala ya uhakiki itumwe Jumanne, idhini ya mwisho itolewe Jumatano saa kumi na mbili jioni, na uchapaji ufanyike Alhamisi. Kila nakala inayozidi 150, ikiombwa kabla ya idhini ya mwisho, hutozwa shilingi 110, kwa kuwa usanifu umekwisha kulipwa na kinachobaki ni karatasi na usumbufu mdogo.

Karatasi moja yenye mambo haya, ikisomwa mbele ya kamati, humpa mweka hazina tarakimu, humpa mwenyekiti siku, na huwapa jamaa wa mbali jambo la kukubali au kukataa. Wakikataa, msanifu amepoteza dakika kumi badala ya siku mbili. Hilo la kukataliwa mapema huhesabiwa na wapinzani kuwa hasara, ilhali ni faida, kwa sababu aliyekataa kwa ajili ya bei Jumapili angekataa Jumatano pia, baada ya kurasa kupangwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayogusa moyo zaidi. Inasema kwamba kupatana bei ni sehemu ya ujirani, na kwamba bei isiyobadilika ni ubaridi wa mjini uliovalishwa nguo za biashara. Watu wa Mayoni wana ushahidi wa kutosha dhidi ya hoja hii katika mashamba yao wenyewe. Tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, wakulima wa eneo hilo walilima kwa mkataba ambao kampuni ilitoa huduma kwa mkopo, zikiwemo kulima shamba, mbegu, mbolea, ukataji na usafirishaji, na kisha kukata gharama hizo katika malipo ya mavuno. Miwa huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa, na katika muda wote huo mkulima aliendelea kupokea huduma ambazo jumla yake angeijua siku ya hesabu. Wapo waliofungua taarifa zao za malipo wakakuta kwamba wao ndio waliodaiwa. Kiwanda hicho kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 kwa sababu nyingi ambazo si za makala hii, lakini mkulima aliyewahi kupata taarifa ya namna hiyo hahitaji kuelezwa uchungu wa huduma ambayo gharama yake hutajwa mwisho. Kumwambia mtu huyohuyo, akiwa amefiwa, kwamba bei ya kijitabu wataelewana baadaye, hakuwezi kuitwa ujirani.

Tena watu haohao hutumia M-Pesa, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 2007 ina gharama zilizopangwa na kutangazwa, na hakuna anayesimama mbele ya wakala akilalamika kwamba amenyimwa utu kwa kutopatana bei. Kinachoudhi ni kutozwa tofauti na jirani bila sababu inayoonekana. Mapatano ya bei, yanayosifiwa kuwa ya haki, humpendelea mwenye ulimi na humwadhibu mnyonge, kwa kuwa mjane anayeona haya kubishana hulipa zaidi ya shemeji yake mwenye duka.

Si kila ujuzi unaoweza kufungwa hivi, na anayedai vinginevyo anaiharibu hoja nzuri. Msanifu anayeombwa kuiundia nembo chama cha akiba ambacho wanachama wake hawajakubaliana kuhusu jina lake hawezi kutaja bei moja kwa uaminifu, kwa sababu kinachohitajika hapo ni kusaidia watu kuamua, na muda wa jambo hilo haupimiki. Fundi anayeitwa kutazama kompyuta isiyowaka hajui kama tatizo ni waya au ubao mkuu. La juu kabisa anaweza kuuza uchunguzi kwa bei maalum, kisha atoe bei ya matengenezo. Wala kifurushi cha mazishi kilichoelezwa hapa hakiwafai Waislamu, ambao katika eneo la Mumias ni wengi, kwa kuwa wao huzika mapema iwezekanavyo na hakuna muda wala haja ya kijitabu cha namna hii. Na bei yenyewe haina budi kuandikwa tarehe ya ukomo, kwa mfano mwisho wa Juni, kwa sababu mpiga chapa akipandisha bei ya karatasi, msanifu aliyetangaza bei isiyo na ukomo ndiye atakayeubeba mzigo huo.

Anabaki mteja asiyeweza kulipa shilingi 22,500, ambaye wapinzani humtaja mwisho wakiamini kwamba hapo hoja itaanguka. Desturi iliyozoeleka ni kumpunguzia bei kwa kazi ileile, na matokeo yake hujulikana: kazi yake huwekwa nyuma ya nyingine, huhakikiwa kwa haraka, na majina hukosewa. Lililo sahihi ni kupunguza kazi pamoja na bei, kwa kifurushi cha pili kilichokwisha kuandikwa. Kijitabu cha kurasa 8 hutumia karatasi mbili tu, ya nje na ya katikati. Wasifu wake ni wa kurasa mbili, picha ziko katika kurasa mbili za kati ambazo hukaa pamoja kwenye karatasi moja, na rambirambi husomwa kwa mdomo badala ya kuchapwa. Nakala 60 zikigharimu shilingi 50 kila moja kwa mpiga chapa, jumla ni shilingi 3,000, na kifurushi kikiuzwa kwa shilingi 7,500, malipo ya awali ya asilimia 60 hufikia shilingi 4,500, hivyo uchapaji unalipika na familia ina msemaji wake, duru zake mbili na Jumatano yake, sawasawa na familia ya mwalimu mkuu.